Ripoti 64 zinajituma kila asubuhi ofisini Tabora. Nitajuaje zipi zinasomwa na zipi nizizime?

KijanaWaCheyo

Wakuu, habari za leo.

Nipo Tabora mjini, natunza seva ya ripoti kwenye kampuni inayonunua tumbaku. Tunatumia SQL Server Reporting Services. Jamaa niliyepokea kazi kwake aliacha ripoti 64 zenye ratiba. Ikifika saa 12 asubuhi zinaanza kujituma, nyingi kwenye barua pepe za watu, chache zinatupwa kwenye folda ya pamoja.

Kinachonichosha ni matengenezo. Msimu uliopita namba za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zilibadilishwa kutoka tarakimu nne kuwa sita. Ikabidi nifungue ripoti moja baada ya nyingine, nirekebishe vichujio, makundi na jumla za chini. Nilikuwa nafanya kazi huku najiuliza, hivi hii ripoti kuna binadamu anaisoma kweli?

Nikaenda kwenye `ExecutionLog3`, ile logi ya matumizi ya ripoti, kutafuta ushahidi. Karibu kila ripoti inaonyesha imetumika, nyingi kila siku ya kazi. Bosi alipoona akasema, "Si unaona, zote zinatumika." Lakini kuna jambo halikai sawa: anayeongoza kwa kufungua ripoti ni yule yule jamaa niliyempokea, na alishaacha kazi mwaka jana. Anasomaje na hayupo?

Nawasilisha.

---

SimbaWaNyuma

Mkuu usijitese. Zima zote 64 Jumatatu asubuhi, kaa karibu na simu. Atakayepiga kelele mrudishie ripoti yake. Asiyepiga, ndiyo basi tena. Sisi tulifanya hivyo na maisha yakaendelea.

---

fundi_seva

Simba, ushauri wako una chembe ya ukweli lakini umeruka hatua. Ukizima zote siku moja unapokea simu za watu wenye haki ya kukasirika, na mwenye ripoti ya robo mwaka hatajua imezimwa mpaka siku anayoihitaji. Tutarudi hapo.

KijanaWaCheyo, jibu la swali lako liko kwenye safu inayoitwa `RequestType`. Seva inapoamka saa 12 na kutengeneza ripoti ili iitume, nayo inaandikwa kwenye logi, ila `RequestType` inakuwa `Subscription`, na jina la mtumiaji linalowekwa ni la mmiliki wa ratiba. Jamaa yako ndiye aliyezitengeneza ratiba, kwa hiyo seva inaandika jina lake kila asubuhi. Mtu anapofungua ripoti mwenyewe kwenye kivinjari, hapo inaandikwa `Interactive`. Wewe na bosi wako mlihesabu seva kama msomaji.

Endesha hii kwenye databesi ya `ReportServer`:

```sql
SELECT c.Path,
  SUM(CASE WHEN e.RequestType = 'Subscription'
      THEN 1 ELSE 0 END) AS zilizotumwa,
  COUNT(DISTINCT CASE WHEN e.RequestType = 'Interactive'
      AND e.UserName <> 'KAMPUNI\wewe'
      THEN e.UserName END) AS wasomaji,
  MAX(CASE WHEN e.RequestType = 'Interactive'
      AND e.UserName <> 'KAMPUNI\wewe'
      THEN e.TimeStart END) AS mara_ya_mwisho
FROM Catalog c
LEFT JOIN ExecutionLog3 e ON e.ItemPath = c.Path
WHERE c.Type = 2
GROUP BY c.Path
ORDER BY wasomaji, c.Path;
```

Nimeanza na `Catalog`, yenye orodha ya ripoti zote, makusudi. Ripoti ambayo haijawahi kuguswa haimo kabisa kwenye logi, kwa hiyo ukianzia kwenye logi hutaiona, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Pia nimehesabu watu, sikuhesabu mistari. Mtu mmoja akifungua ripoti ya kurasa nyingi, akageuza kurasa na kuitoa kwenda Excel, anaweza kuacha mistari kadhaa, ukadhani ni umati. Jina lako mwenyewe litoe, maana ulipokuwa unajaribu marekebisho ulizifungua zote.

Na kabla hujasahau: akaunti ya huyo jamaa msiifunge kabla ya kuhamisha umiliki wa ratiba zake. Mkiifunga tu, ratiba zake zitaanza kufeli.

---

MamaTumaini_Kgm

Jamani mimi niko kituo cha afya huku Kigoma. Ripoti za MTUHA tunajaza kila mwezi na zinakwenda wilayani, hata sisi tunajiuliza nani anazisoma. Mnasema tuache kuzituma? Maana mganga mfawidhi hatatuelewa.

---

fundi_seva

Shikamoo mama. Hapana, hizo ni habari tofauti. MTUHA mnaijaza kwa sababu ni wajibu, hata kama huoni msomaji, na takwimu zake zinajumlishwa huko juu bila mtu kufungua karatasi yako. Sisi tunaongelea ripoti zinazotengenezwa na mashine kutoka kwenye data iliyopo tayari. Hizi ukizizima, data inabaki ilipo.

---

MamaTumaini_Kgm

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nitaendelea kusoma tu.

---

KijanaWaCheyo

Mkuu fundi_seva, asante sana. Nimeendesha. Kati ya 64, ripoti 19 zina angalau msomaji mmoja. Zilizobaki 45 zina sifuri kwenye `wasomaji`. Arobaini na tano! Naziondoa wiki hii hii.

---

fundi_seva

Tulia kwanza. Sifuri hiyo inamaanisha hakuna aliyeifungua *kupitia seva*. Je, hizo 45 zinatumwaje? Zikienda kama kiambatisho cha PDF au Excel, mtu anaisoma ndani ya barua pepe na seva haijui chochote. Angalia kwenye mipangilio ya kila ratiba, ni `Include report` au `Include link` iliyowekwa alama.

---

KijanaWaCheyo

Nimezipitia. 31 zinakwenda kama kiambatisho. 6 zinawekwa kwenye folda ya pamoja. 8 zinatuma linki tu.

---

fundi_seva

Basi ushahidi ulio nao ni wa ripoti 8. Hizo watu wametumiwa linki na hawakuibonyeza. Hizo 37 nyingine hujui, na kwa logi uliyonayo huwezi kujua.

Na hata hizo 8, uliza logi yako inakumbuka siku ngapi. Isipoguswa, inatunza siku 60 tu kisha inafuta. Fungua Management Studio, unganisha kwenye Reporting Services yenyewe na si kwenye databesi, bonyeza jina la seva kulia, `Properties`, halafu `Logging`. Weka 400 ili mwaka mzima uonekane na ziada kidogo. Iliyokwisha kufutwa hairudi, lakini kuanzia leo utakuwa unakusanya.

---

mhasibu_mstaafu

Vijana, naomba niingie hapo kwenye siku 60. Nimefanya kazi kwenye tumbaku miaka mingi. Leo ni Novemba. Masoko yalishafungwa, wakulima wako mashambani wanapanda. Nani atafungua ripoti ya makato ya pembejeo mwezi huu? Hakuna. Lakini masoko yakifunguliwa, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kuitwa mezani, kwa sababu mkopo wa mbolea wa kila AMCOS unakatwa pale pale kwenye malipo. Ukiizima Novemba kwa kuwa haina msomaji tangu Septemba, Mei utaitafuta kwa tochi.

---

KijanaWaCheyo

Shikamoo mzee. Umeniokoa. Katika zile 8, tatu ni za soko na makato. Nimeziandika pembeni, zitasubiri msimu mzima upite. Zimebaki 5.

---

Bwana_Linki

Kwa zile za kiambatisho mbona rahisi? Weka kapicha kadogo kasikoonekana ndani ya barua pepe. Mtu akifungua, picha inaitwa kutoka kwenye seva yako, unajua kafungua. Ndivyo wanavyofanya watu wa matangazo.

---

fundi_seva

Kinafanya kazi nusu. Programu nyingi za barua pepe zinazuia picha za nje mpaka mtu akubali, kwa hiyo aliyesoma anaonekana hajasoma. Kwa upande mwingine, tangu 2021 Mail ya Apple ina kinga inayopakua picha yenyewe hata kama mwenye simu hajaigusa barua, kwa hiyo asiyesoma anaonekana kasoma. Na hata ikifanya kazi, umejua barua imefunguliwa, hujajua kiambatisho kimefunguliwa. Mimi mwenyewe nafungua barua ili tu ile namba nyekundu iondoke kwenye simu.

Njia ninayoiamini ni kubadilisha namna ya kutuma. Toa alama kwenye `Include report`, acha `Include link`. Ratiba inabaki, saa ni ile ile, mpokeaji anapata barua kama kawaida, ila akitaka kusoma lazima abonyeze. Akibonyeza, anaingia kwenye logi kama `Interactive` kwa jina lake. Ila ripoti sasa inatengenezwa pale anapobonyeza, kwa hiyo akiifungua saa nane mchana anaona data ya saa nane, si ya saa 12 asubuhi. Kama kuna anayelinganisha namba za asubuhi, mwambie mapema, la sivyo atakuja kulalamika kuwa hesabu hazilingani.

---

Sikonge_field

Samahani wakuu, mimi sijui kompyuta sana ila hili linanihusu. Mimi ni afisa ugani kwenye kampuni ya namna hiyo hiyo, natembea vijijini na pikipiki. Mwaka jana ofisi walifanya hivyo hivyo, wakaacha kututumia PDF wakaleta linki. Ile linki ukiwa nje ya ofisi haifunguki. Inazunguka tu. Nikaacha kuibonyeza. Baadaye wakasema "nyie wa huko hamsomi ripoti" wakaifuta. PDF nilikuwa naipakua asubuhi nikiwa kwenye mtandao, naisoma nikifika kijijini.

---

KijanaWaCheyo

Duh. Seva yetu nayo iko ndani ya mtandao wa ofisi tu.

---

fundi_seva

Sikonge_field, umesema jambo ambalo nililipita. Seva ikiwa ya ndani, kipimo cha linki kinapima nani yuko ofisini, hakipimi nani anasoma. Kijana, toa kwenye orodha ripoti zote ambazo wapokeaji wake wako Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko nje. Waachie PDF yao. Hao wapigie simu, na usiwaulize "unaitumia?" maana kila mtu atasema ndiyo. Waulize, "ya jana ilikuambia nini, ukafanya nini?" Msomaji anajibu papo hapo.

---

dada_logi

Naongeza kitu kidogo ambacho huwa nafanya kabla ya kubadili chochote. Tafuta siku ambazo seva ilikuwa chini. Huku kwetu umeme hukatika, kwa hiyo siku za namna hiyo hazikosekani. Kwenye logi utaona siku ya kazi isiyo na mstari hata mmoja wa `Subscription` saa 12. Kisha fungua barua pepe zako za siku ile: nani aliuliza "mbona ripoti yangu haijaja"? Huyo ni msomaji wa kweli, na hakujua kuwa anapimwa. Wengine 40 waliokaa kimya siku nzima nao wamekuambia kitu. Ni ule mtihani wa Simba, ila umeme ulishakufanyia.

---

SimbaWaNyuma

Ahaa, kwa hiyo nilikuwa sahihi.

---

dada_logi

Nusu, kaka. Kimya cha siku moja si sawa na kimya cha mwisho wa mwezi.

---

mhasibu_mstaafu

Na zile 6 za folda? Nina wasiwasi nazo kuliko zote. Kwenye ofisi yangu ya mwisho kulikuwa na faili la CSV ambalo hakuna mtu aliyelifungua kwa mkono. Lilikuwa linavutwa na kitabu cha Excel cha idara ya fedha, na kitabu hicho ndicho kilichokuwa kinatoa hesabu za VAT zinazotakiwa kufika TRA kabla ya tarehe 20. Kijana wa kompyuta akaona faili halina mwenyewe, akalizima. Excel haikupiga kelele, ikaendelea kusoma faili la zamani lililobaki kwenye folda. Tuliligundua kwa sababu mauzo ya mwezi yalilingana na ya mwezi uliopita mpaka shilingi ya mwisho.

---

fundi_seva

Mzee, hiyo ndiyo hatari ya folda: msomaji wake anaweza kuwa faili jingine. Kijana, usitegemee ile tarehe ya "kufunguliwa mara ya mwisho" inayoonyeshwa na Windows, mara nyingi haisasishwi, na hata antivairasi inaweza kuligusa faili. Washa ukaguzi kwenye folda hiyo moja tu, kisha angalia tukio namba 4663 kwenye logi ya Security ya seva ya mafaili. Litakupa jina la akaunti iliyosoma. Ukiamua kuzima, lihamishe na faili la zamani lisibaki pale. Excel ikikosa faili italalamika, na hiyo kelele ndiyo unayoitaka.

---

KijanaWaCheyo

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. Nimesubiri miisho miwili ya mwezi ipite ndipo niandike.

Zile 31 za viambatisho: 7 ni za watu wa nje, nimewaachia PDF. 24 nilizigeuza kuwa linki. Kati ya 24, kumi zimefunguliwa na mtu, baadhi kila siku. 14 hazijaguswa kabisa.

Nikachukua hizo 14 na zile 5 za mwanzo, jumla 19, nikabonyeza `Disable` kwenye ratiba. Sikufuta kitu. Kwenye barua ya mwisho niliandika juu kabisa kuwa ripoti itasimama na anayeihitaji ajibu. Hakuna aliyejibu, ingawa nakubali kuwa asiyefungua barua hawezi kusoma tangazo lililo ndani yake.

Waliolalamika ni wawili. Mmoja ni mtunza ghala, ripoti yake ya marobota yaliyopokelewa ilikuwa inachapishwa na mwenzake aliyehamishwa, nikamrudishia. Wa pili ni bosi mkubwa. Ripoti ya magari hajaifungua hata mara moja tangu nibadili, lakini anataka "iwepo tu".

Za folda, ukaguzi umeonyesha 2 zinavutwa na Excel ya fedha (mzee heshima yako), 4 zinaguswa na akaunti ya nakala rudufu tu.

Halafu kuna moja imenichanganya. Ripoti ya manunuzi ya kila siku ina msomaji mmoja tu, katibu muhtasi. Nilikuwa naiweka kwenye foleni ya kuzimwa.

---

dada_logi

Umemuuliza anaifanyia nini?

---

KijanaWaCheyo

Nimemuuliza leo. Anaifungua saa mbili, anapiga picha ya kioo, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wanunuzi wote. Watu karibu thelathini.

---

dada_logi

Basi hiyo ndiyo ripoti yako inayosomwa kuliko zote. Logi inahesabu mlango wa kwanza tu. Kwa hiyo sifuri ni swali zuri la kuanzia, lakini moja usiilinganishe na kumi.

---

Bwana_Linki

Na hiyo ya bosi? Mwambie ukweli kuwa haifungui.

---

fundi_seva

Mimi ningemwachia. Ripoti moja haina gharama ya kugombana. Ila ningeitoa kwenye foleni ya saa 12, niipeleke saa nne. Kijana, angalia `TimeDataRetrieval` ya ripoti ulizozima, ipo kwa milisekunde. Ukijumlisha utaona ni muda gani umerudisha asubuhi kwa zile zinazosomwa kweli.

---

SimbaWaNyuma

Hapo sikubaliani. Ukimwachia mkubwa "iwepo tu", kesho kila mkuu wa idara ana yake ya "iwepo tu", mnarudi 64.

---

mhasibu_mstaafu

Simba leo ana hoja. Mimi nilikuwa naweka tarehe ya kuzeeka. Kila ripoti ya ombi maalumu inakwisha muda Juni 30, mwenye nayo aombe upya. Wakubwa huwa hawaombi upya. Ila sijui kwa bosi wa kijana.

---

KijanaWaCheyo

Nitamjaribu na hiyo ya Juni 30, nikifukuzwa nitawaambia. Swali la mwisho: hizo 17 zilizobaki kimya nizifute lini? Namba za AMCOS zinaweza kubadilishwa tena na sitaki kuzigusa.

---

fundi_seva

Usiziguse. Pakua faili la `.rdl` la kila moja, weka kwenye Git pamoja na orodha ya wapokeaji wake na saa ya ratiba, maana hivyo havimo ndani ya `.rdl`. Ziache zimezimwa mpaka masoko yafunguliwe, yafungwe, na wakaguzi wa hesabu wapite. Zikivuka hapo bila mtu kuuliza, futa. Namba zikibadilika katikati, ziache zivunjike, hazina ratiba hivyo hazimtumii mtu uongo. Atakayeiomba ndiye atakayekupa sababu ya kuirekebisha.

---

Sikonge_field

Na sisi wa pikipiki mtatukumbuka?

---

KijanaWaCheyo

Zenu 7 zipo, kaka. Wiki ijayo naanza kupiga simu Kaliua, moja moja.